Helmeti ni kinga ya kwanza au ya pili? Taja kwanza unazuia nini

*Shikamoo daktari. Nasoma uuguzi, mwaka wa pili. Kwenye mtihani niliandika kwamba helmeti ni kinga ya kwanza, mwalimu akakata akasema ni ya pili. Dawa ya malaria kwa mgonjwa imewekwa ya pili, lakini kwa mjamzito imewekwa ya kwanza. Metifomini, dawa ya kisukari, ndiyo imenichanganya kabisa, nimeikuta ngazi zote tatu. Nitajuaje kitu kiko ngazi gani bila kukariri?*

Marahaba. Wengi mmefundishwa ngazi hizi kama makabati matatu, kisha mkapewa vitu vya kupanga ndani yake: chandarua kabati la kwanza, kipimo la pili, mguu wa bandia la tatu. Mambo yanakwenda vizuri mpaka mnapokutana na kitu kinachotosha makabati mawili, kama helmeti yako, na hapo kukariri hakusaidii tena.

Ngazi haikai ndani ya kifaa wala ndani ya dawa. Madaktari wawili wa Marekani walioeneza mpangilio huu katikati ya karne iliyopita, Hugh Leavell na Gurney Clark, walianza na safari ya ugonjwa: wakati mtu bado mzima, wakati ugonjwa umeingia lakini umenyamaza, wakati dalili zimejitokeza, na wakati madhara yamebaki. Ngazi ni jina la mahali unapoingilia safari hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuandika jibu, jiulize mambo mawili. Ni tukio gani hasa ambalo sitaki litokee? Na mtu huyu, hivi sasa, yuko upande gani wa tukio hilo? Kama halijaanza, ni kinga ya kwanza, ambayo vitabu vingine huiita ya msingi. Kama limeanza na bado linaweza kugunduliwa mapema na kusimamishwa, ni ya pili. Kama limeshatia mizizi na sasa tunapigania kuokoa uhai, kiungo au uwezo wa mtu kurudi kazini, ni ya tatu.

Tuanze na helmeti, maana ndiyo iliyokukosesha alama. Chukua dereva wa pikipiki anayekaribia makutano kwa kilomita 60 kwa saa. Gari linaingia mbele yake bila kusimama, anagongwa, anarushwa, kichwa kinagonga lami. Mwalimu wako, nadhani, alikuwa anafuata njia ya William Haddon, daktari aliyeongoza usalama wa barabara katika serikali ya Marekani miaka ya 1960. Haddon aliigawa ajali katika vipindi vitatu: kabla ya kugongana, wakati wa kugongana, na baada ya kugongana. Walimu wengi huvilinganisha vipindi hivyo na ngazi zetu. Mwendo, taa za barabarani, breki na pombe viko kabla ya kugongana, basi ni kinga ya kwanza. Helmeti na mkanda havizuii magari kugongana. Vinafanya kazi sekunde ileile ya kugongana, kwa hiyo katika hesabu hiyo ni kinga ya pili. Kumfikisha majeruhi hospitali na kumrudishia uwezo wake ni ya tatu.

Wewe ulikuwa na tukio jingine kichwani. Ulikuwa unazuia jeraha la ubongo. Pale helmeti inapogusa lami, ubongo wa dereva bado ni mzima kabisa. Povu gumu lililo ndani ya helmeti linabonyea na kula nguvu ya pigo, na ubongo unapunguza mwendo kidogo kidogo badala ya kusimama ghafla. Jeraha halijaanza, na helmeti inalizuia lisianze. Hiyo ni kinga ya kwanza isiyo na shaka. Mmekuwa sahihi wote wawili, ila hakuna aliyetaja tukio analozuia. Ungeandika "helmeti ni kinga ya kwanza dhidi ya jeraha la kichwa, kwa sababu inafanya kazi kabla ubongo haujaumia", sidhani kama angekukata.

Kwa kuwa tuko hapo, jua pia helmeti inafanya kazi kiasi gani na inashindwa wapi. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha inapunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Hizo ni faida kubwa kwa kifaa kimoja, lakini ukizitazama vizuri utaona vifo vingi bado vinabaki, kwa sababu helmeti hailindi kifua, tumbo wala shingo. Isipofungwa kamba kidevuni, huchomoka kabla kichwa hakijafika chini. Na ikishapigwa sana mara moja, povu limebonyea na halirudi, hata kama ganda la nje linang'aa. Mwendo, kwa upande wake, unagusa mwili wote. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo dereva yule angekuwa kwenye kilomita 40 badala ya 60, nguvu ya kumalizwa na mwili na pikipiki yake ingekuwa chini ya nusu. Ndiyo maana nikiulizwa pesa ya kwanza iwekwe wapi, nasema kwenye barabara inayomlazimisha dereva kupunguza mwendo, halafu helmeti.

Sasa kuna jambo ambalo wanafunzi hulipita haraka mno. Wengi husema ajali haina kinga ya pili ya kweli, kwa sababu jeraha hutokea mara moja na hakuna kipindi cha ukimya cha kupima watu. Si kweli. Turudi kwa dereva wetu. Ameinuka, anaongea, anatafuta simu yake, anasema yuko sawa. Lakini pigo la pembeni mwa kichwa limevunja mfupa na kuchana mshipa, na damu inajikusanya polepole kati ya fuvu na utando wa ubongo. Kwa saa moja, mbili, wakati mwingine zaidi, anaonekana mzima. Kisha kichwa kinauma zaidi na zaidi, anatapika, anaanza kusinzia, mboni ya jicho moja inapanuka kuliko ya pili. Zile saa za kuonekana mzima ndizo kipindi cha ukimya cha jeraha. Muuguzi anayepima fahamu zake kila baada ya muda mfupi na kuziandika, akaona zimeshuka kutoka alama 15, yaani fahamu kamili, hadi 13 kabla hajazimia, anafanya kinga ya pili kwa maana yake halisi: amelikamata tatizo lililokwisha kuanza wakati bado linarudishika.

Damu ya tumboni nayo ni hivyo hivyo. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza damu nyingi huku shinikizo lake likisoma kawaida, kwa sababu mishipa inajibana na moyo unakimbia kufidia. Mapigo ya haraka na ngozi baridi yenye jasho hutangulia. Ukisubiri shinikizo lishuke, umechelewa. Dawa ya kusaidia damu igande, asidi ya traneksamiki, ilijaribiwa kwa majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi nyingi na matokeo yakatolewa mwaka 2010. Ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia inapunguza vifo vya kutokwa damu, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyosaidia. Ikianzishwa baada ya saa 3, vifo hivyo viliongezeka. Mgonjwa ni yuleyule na dawa ni ileile. Kilichobadilika ni mahali alipofika kwenye safari, na ndiyo sababu ya mimi kukusisitizia mahali.

Kwenye malaria, safari yenyewe inajulikana karibu siku kwa siku, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujifunzia. Mbu wa anofelesi akikuuma, vimelea huingia kwenye ini ndani ya saa moja hivi. Vile vya falsiparamu hukaa humo takriban wiki moja wakizaana, na wewe huhisi chochote. Kisha hupasuka, hutoka na kuvamia chembe nyekundu za damu, na kila saa 48 hivi kizazi kipya huzaliwa. Homa huja kwa kawaida siku ya 10 hadi 15 tangu kuumwa.

Chandarua chenye dawa kinazuia kuumwa, kwa hiyo kiko kabla ya mwanzo, na hakuna ubishi. Mtu mwenye homa aliyepimwa akakutwa na vimelea na kupewa dawa mseto, dozi 6 kwa siku 3, yuko ngazi ya pili. Ugonjwa umeanza na tunausimamisha kabla haujapanda kuwa malaria kali. Hapo usimwache aondoke bila maelezo, kwa sababu dozi ya kwanza na ya pili zinatenganishwa na saa 8, si 12 kama zinazofuata, na dawa mseto hiyo, ya atemeta na lumefantrini, hunyonywa vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta. Wengi hupata nafuu siku ya pili wakaacha zilizobaki, na hapo kinga yako ya pili imevunjika ingawa kwenye rejista inasomeka kamili.

Mjamzito uliyemtaja anapewa vidonge vya salfadoksini na pirimethamini kuanzia miezi mitatu ya pili, kila anapohudhuria kliniki, mradi mwezi umepita tangu dozi iliyotangulia, na shabaha ni dozi zisizopungua 3. Hapimwi kwanza. Vitabu huiweka kuwa kinga ya kwanza kwa sababu anayepewa haonekani mgonjwa, na dawa inamlinda na maambukizi mapya kwa wiki kadhaa. Kwa ukweli wa kibayolojia, baadhi ya wanawake hao tayari wana vimelea vilivyojificha kwenye kondo la nyuma, visionekane hata kwenye kipimo cha damu ya kidole. Kwao dawa hiyohiyo inatibu. Na kwa mtoto aliye tumboni, ambaye tunamkinga asizaliwe na uzito pungufu, ni kinga ya kwanza kwa kila hali. Kwa hiyo andika ya kwanza, ila ujue kwa nini.

Mtoto aliyefika na degedege, hajitambui, anayehitaji sindano ya atesuneti sasa hivi, saa 12 baadaye, na tena saa 24, mimi namweka ngazi ya tatu. Ugonjwa umeshaumiza viungo, na tunapigania asife na asibaki na ulemavu. Kuna vitabu ambavyo hesabu ya kupunguza ulemavu huiacha ngazi ya pili na kuibakizia ya tatu ukarabati peke yake, kwa hiyo angalia mwalimu wako anafuata kipi. Lakini kazi haiishii homa ikishuka. Baadhi ya watoto walionusurika malaria ya ubongo hubaki na udhaifu wa upande mmoja, kifafa, au shida ya kusema. Kumwita mtoto huyo arudi, kumsikiliza anavyoongea na kumtazama anavyotembea ni kinga ya tatu inayosahaulika mara nyingi, kwa sababu kwenye karatasi ameandikwa "amepona".

Na kuna kidonge kimoja ambacho ningependa kila mwanafunzi akifikirie kwa dakika mbili. Baadhi ya vimelea hugeuka kuwa vya kiume na vya kike, vinavyosubiri kunyonywa na mbu mwingine. Havimtii mgonjwa homa. Dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, inayoongezwa kwenye dawa mseto pale mpango wa nchi unapoelekeza, huviua hivyo. Mgonjwa aliyeimeza hapati nafuu yoyote ya ziada kwa homa aliyo nayo. Anayekingwa ni jirani atakayeumwa na mbu wiki ijayo. Kidonge kimemezwa na mgonjwa, ilhali ni kinga ya kwanza ya mtu mwingine! Ukiuliza "tukio gani, kwa nani", jibu linakuja lenyewe. Ukikariri kwamba dawa ni ngazi ya pili, hutaliona kamwe.

Kosa moja la ngazi ya pili unalopaswa kulijua kabla hujaanza mazoezi wodini: vipimo vingi vya haraka vya malaria hutafuta protini ya kimelea, si kimelea chenyewe, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtu aliyemaliza dawa vizuri, akarudi baada ya siku 10 na homa ya nimonia, kipimo kitaonyesha mistari miwili. Ukimpa tena dawa ya malaria na kumruhusu, nimonia inaendelea. Hapo omba damu iangaliwe kwa hadubini, na muhesabie pumzi kwa dakika nzima.

Kisukari kimekuchanganya kwa sababu safari yake ni ndefu sana, na ndani yake kuna safari nyingine ndogo. Metifomini ikitolewa kwa mtu ambaye sukari yake imepanda lakini hajafika kwenye kisukari, inazuia kisukari chenyewe, basi ni ya kwanza. Jaribio maarufu la Marekani lililotolewa mwaka 2002 lilionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza idadi ya waliopata kisukari kwa asilimia 31, wakati kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki kulipunguza kwa asilimia 58. Ikitolewa kwa mtu aliyegunduliwa sasa, sukari ya kabla ya kula ikiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ikarudiwa siku nyingine na kuthibitika, ni ya pili. Ikiendelea kwa mtu ambaye tayari ana madhara, inaingia kwenye ya tatu, na hapo kuna mpaka: uwezo wa figo kuchuja ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, huachwa. Dawa ni moja, watu ni watatu.

Ila mahali ambapo ngazi hizi zimenisaidia kweli katika kazi ni mguuni. Nilikuwa na mgonjwa mmoja, mwanamume mwenye kisukari cha miaka mingi, aliyekuja kuchukua dawa tu. Nikamwomba avue viatu. Alisita, akasema miguu haina shida yoyote. Soksi ya kulia ilikuwa imegandamana na damu, na tulipokitazama kiatu tukakuta msumari mfupi umetoboa soli. Alikuwa ameukanyaga tangu asubuhi. Hakuhisi kitu. Kwa mtu mwenye ganzi, kutokuwa na maumivu ndiyo hatari yenyewe.

Kipimo cha kuikamata hali hiyo mapema ni uzi wa plastiki unaopinda kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa anafumba macho. Unauweka wima kwenye ngozi, unasukuma mpaka upinde, unashika kama sekunde moja au mbili, unaondoa, naye anasema ameguswa wapi. Unagusa kidole gumba na chini ya mifupa ya mbele ya unyayo, ukikwepa sugu, maana kwenye sugu hata mzima hahisi. Mara nyingine unauliza bila kumgusa, ili ujue kama anabahatisha. Mwenye kisukari afanyiwe hivyo angalau mara moja kwa mwaka, na aliyepoteza hisia aitwe mara nyingi zaidi.

Sasa niambie, kipimo hicho ni kinga ya ngazi gani? Ukiangalia kisukari, ni ya tatu, kwa sababu ugonjwa umekaa miaka na tunazuia madhara. Ukiangalia kuharibika kwa neva, ni ya pili, kwa sababu tunaligundua tatizo ambalo mgonjwa bado halijui. Ukiangalia kidonda, ni ya kwanza, kwa sababu ngozi bado haijachanika. Majibu yote matatu ni halali, na ukiyaandika hivyo mtihanini, na sababu zake, mwalimu ataona umeelewa.

Tahadhari moja tu kuhusu kugundua mapema. Si kila kinachogunduliwa mapema kinarefusha maisha. Huko Uingereza watu zaidi ya 20,000 waliokuwa katika hatari kubwa ya kisukari walifuatiliwa karibu miaka 10. Wagonjwa wa kliniki zilizoalika watu kupimwa hawakufa wachache kuliko wa kliniki ambazo hazikualika. Mtu anayegunduliwa miaka mitano mapema huonekana ameishi na kisukari miaka mitano zaidi, hata kama tarehe ya kufa haikusogea, kwa hiyo usihesabu miaka tangu kugunduliwa kama ushahidi kwamba upimaji umesaidia. Hesabu vifo, miguu iliyokatwa na macho yaliyopofuka.

Yule mgonjwa wangu tulimsafisha jeraha, tukampa chanjo ya pepopunda, tukamwondolea uzito mguuni mpaka kidonda kikafunga. Tulivyomruhusu nilimfundisha mambo mawili: kila asubuhi kabla ya kuvaa, ageuze viatu na kuvikung'uta, kisha aingize mkono ndani apapase soli yote, na kila jioni aweke kioo chini atazame unyayo, au amwombe mke wake amtazamie. Mkono wake bado ulikuwa unahisi.